Maharage Yanachemka, Kyubiti Inaganda

Ijumaa moja muhula uliopita nilipewa dakika kumi za kueleza mradi wangu wa fizikia kwa Kiswahili mbele ya klabu. Nilijiamini. Nilisema kwamba katika ulimwengu wa kwanta kitu kikitazamwa mara nyingi vya kutosha hakibadiliki, kinaganda palepale kilipo. Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Kisha mmoja wa walimu wetu akauliza kwa upole, "Kitazamwe na nani?" Nikafungua mdomo, nikaufunga.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Waingereza tunaoishi nao wana msemo kwamba chungu kinachotazamwa hakichemki, na nilidhani nikianza na huo mama atanielewa haraka. Alikuwa jikoni, maharage yako motoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunua sufuria, akaonja, akafunika. "Mwanangu," akasema, "mimi nimesimamia maharage miaka thelathini, na macho sijayaondoa. Yote yamechemka."

Maswali hayo mawili ndiyo yaliyonifanya niurudie mradi wote upya, na nikagundua kwamba kila moja lilikuwa limegusa mahali ambapo maelezo yangu yalikuwa na tobo. Makala hii ni dakika kumi nyingine, safari hii kwa maandishi.

Tuanze na kyubiti yenyewe. Ni kitu chochote chenye hali mbili tu tunazozijali: atomu yenye ngazi mbili za nishati, kwa mfano, ambazo tutaziita 0 na 1. Chukua karatasi uchore mshale. Mshale ukiwa umelala chini kabisa, kyubiti iko katika hali ya 0. Ukiwa umesimama wima, iko katika hali ya 1. Ukiwa umeinama katikati, haiko katika 0 wala katika 1, bali ni mchanganyiko wa hali zote mbili, na huo mchanganyiko si ujinga wetu wa kutojua bali ndiyo hali yake halisi. (Katika vitabu utakuta pembe hizi zimezidishwa mara mbili, kwa hiyo safari ya kutoka 0 hadi 1 inaitwa nyuzi 180. Usishtuke. Hapa nitatumia pembe za karatasini, ambapo kulala na kusimama vinatengana kwa nyuzi 90.)

Tukiimulika atomu kwa mawimbi ya redio yenye masafa yanayolingana nayo, mshale unaanza kuinuka polepole kwa mwendo ulio sawa. Tukiuacha bila kuugusa, baada ya muda fulani utakuwa umesimama. Hakuna bahati nasibu hapo. Ni mzunguko tu, kama mkono wa saa.

Bahati nasibu inaingia tunapopima. Kupima maana yake ni kuulazimisha mshale uchague: ama ulale, ama usimame. Uwezekano wa kusimama ni mraba wa kimo cha mshale kutoka chini. Ukiwa umeinuka kwa nyuzi 9, kimo chake ni sin 9°, yaani 0.156, na mraba wake ni 0.0245. Kwa maneno mengine, katika atomu mia tukizipima wakati huo, mbili au tatu zitasimama na zilizobaki zitarudi kulala chini kabisa. Zikisharudi, zile nyuzi 9 zilizokuwa zimekusanywa zimepotea. Mzunguko unaanza upya kutoka sifuri.

Kila kitu kimejificha katika huo mraba, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Tuseme tunaiacha kyubiti ipige hatua mbili za nyuzi 9 bila kuipima katikati. Imefika nyuzi 18, kimo ni 0.309, mraba ni 0.0955. Kimo kimekuwa karibu mara mbili, na uwezekano umekuwa karibu mara nne. Sasa tupime baada ya kila hatua. Hatua ya kwanza ina uwezekano wa 0.0245, hatua ya pili vilevile, jumla ni karibu 0.05. Mara mbili tu. Bila kupima, vimo vinajumlishwa kwanza ndipo jumla inapigwa mraba. Tukipima, kila kimo kinapigwa mraba peke yake kingali kidogo, halafu hiyo miraba midogo ndiyo inayojumlishwa. Atomu inayopimwa hairuhusiwi kuweka akiba.

Ukitaka kuona jambo hili linafika wapi, igawanye safari yote ya nyuzi 90 katika hatua 10, upime kila baada ya hatua. Uwezekano wa kukutwa umelala katika kipimo kimoja ni mraba wa cos 9°, ambao ni 0.9755. Uwezekano wa kukutwa umelala mara zote kumi ni 0.9755 ikizidishwa kwa yenyewe mara kumi, na kalkuleta inatoa 0.78. Kumbuka kwamba bila vipimo mshale huu ungekuwa umesimama kwa hakika. Ukigawanya katika hatua 100 za nyuzi 0.9, jibu ni 0.976. Kila ukizidisha idadi ya vipimo mara mbili, hatari ya kusimama katika kila kipimo inashuka hadi karibu robo, na kwa kuwa vipimo vimekuwa maradufu, hatari ya jumla inashuka hadi karibu nusu. Endelea hivyo na mshale hautainuka.

Jambo hili lilipewa jina mwaka 1977 na Baidyanath Misra na George Sudarshan, ambao waliliita fumbo la Zeno, kwa kumkumbuka yule Mgiriki aliyedai kwamba mshale ulioko angani kila dakika uko mahali pamoja tu, basi hauendi popote. Wao hawakuwa wakiwaza kyubiti. Walikuwa wakiwaza chembe inayooza, na wakauliza kama chembe hiyo ikifuatiliwa bila kukoma itaoza kweli. Nitarudi kwenye kuoza, kwa sababu huko ndiko maharage ya mama yaliko.

Kabla ya hapo, kosa langu. Kwa ajili ya mradi niliandika programu ndogo ya kuiga kyubiti 1,000 zikipimwa mara nne, kila hatua nyuzi 22.5. Kwa hesabu ya hapo juu, uwezekano wa kulala mara zote nne ni 0.531, kwa hiyo nilitarajia kukuta karibu 531 zimelala mwishoni. Programu ikatoa 625. Nikaikimbiza tena, 620 na kitu. Tena, 630. Nilikesha siku mbili nikitafuta kosa katika mistari ya programu, nikabadilisha hata namna ya kuchagua namba za nasibu. Msimamizi wa maabara alipokuja aliangalia skrini, akauliza, "Hizo zilizosimama, ulizizuia zisirudi kulala?"

Sikuwa nimezizuia. Mshale uliosimama nao unaendelea kuzungushwa na mawimbi yaleyale, na kipimo kinachofuata kinaweza kuukuta umelala tena. Fuatilia mwenyewe. Katika kila hatua, sehemu ya 0.146 ya mishale inabadilisha upande. Baada ya kipimo cha kwanza kuna 854 iliyolala na 146 iliyosimama. Baada ya cha pili, kati ya ile 854 imebaki 729, lakini kutoka kwa iliyosimama imerudi 21, kwa hiyo iliyolala ni 750. Baada ya cha tatu ni 677. Baada ya cha nne ni 625. Kati ya hiyo 625, ni 531 tu ambayo haikuondoka kamwe. Iliyobaki, 94, ilikwenda ikarudi. Programu yangu ilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekuwa nikilinganisha majibu ya maswali mawili tofauti: "je, haijawahi kusimama?" na "je, mwishoni imelala?"

Tofauti hii inaonekana ndogo hadi unapofungua matokeo ya jaribio halisi. Mwaka 1990 Wayne Itano, Daniel Heinzen, John Bollinger na David Wineland, kule Boulder, Colorado, walichapisha jaribio ambalo hadi leo ndilo linalotajwa kwanza jambo hili likizungumzwa. Walikuwa na ioni za berili zipatazo 5,000 ndani ya mtego wa umeme na sumaku. Mawimbi ya redio ya megahezi 320.7 yalizizungusha kutoka ngazi moja hadi nyingine kwa milisekunde 256. Katika muda huo walizipiga kwa mimweko mifupi ya leza ya urujuanimno, mara 1, 2, 4, 8, 16, 32 au 64, kila mmweko milisekunde 2.4. Leza hiyo ilichaguliwa ili ioni iliyo katika 0 itawanye fotoni nyingi, ing'ae, na iliyo katika 1 ibaki gizani.

Mwishoni walihesabu ngapi zimehamia 1. Kwa vipimo vinne, hesabu yetu ya juu inasema 375 katika 1,000, na wao walipata karibu 335. Kwa vipimo 16, hesabu inasema 133 na wao walipata karibu 103. Kwa 64 hesabu inasema 37, na wao hawakuona chochote kinachoweza kutofautishwa na sifuri. Ukitumia namba ya "haijawahi kusimama" badala ya "mwishoni imelala", namba zao zitakuwa mbali zaidi na zako, hasa kwa vipimo vichache, na unaweza kudhani jaribio limeshindwa.

Lakini hata kwa namba sahihi, angalia kwamba matokeo yao yako chini ya hesabu kila mara, na pengo likilinganishwa na hesabu yenyewe linakua kadiri vipimo vinavyoongezeka. Ukiona pengo linaloelekea upande mmoja hivyo, si bahati mbaya, kuna kitu umesahau. Kilichosahaulika ni kwamba kipimo kinachukua muda. Hesabu yetu inachukulia mmweko ni wa papo hapo, ilhali mimweko 16 ya milisekunde 2.4 inakula milisekunde 38 kati ya 256. Wakati leza inawaka, mzunguko hauendi kokote. Kwa hiyo muda halisi wa kuzunguka ni asilimia 85 tu ya ule tuliodhani, kila hatua inapungua kwa kiasi hicho, na kwa kuwa uwezekano ni mraba, unazidishwa kwa 0.85 mara 0.85, yaani karibu 0.72. Zidisha 133 kwa 0.72 upate 96, na hesabu iliyofanywa kwa uangalifu zaidi inatoa karibu 100. Wao walipata 103. Kwa mimweko 64 leza inawaka zaidi ya nusu ya muda wote, ndiyo maana hakuna kilichohama. Kwangu mimi hapa ndipo jaribio linaposhawishi: kasoro yenyewe inahesabika.

Sasa turudi kwa mwalimu. Kitazamwe na nani? Katika jaribio la Boulder hakuna aliyetazama. Mwanga uliotawanywa na mimweko ya katikati haukuhesabiwa wala kuandikwa popote, na ni mwishoni tu walipokusanya fotoni na kuzihesabu. Kilichogandisha ioni ni kwamba mwanga ulikuja ukagongana nazo kwa namna inayotofautisha 0 na 1, na baada ya hapo habari ya "niko wapi" ilikuwa imeshatoka ndani ya ioni, imeenea nje katika fotoni zilizotapakaa. Kama kuna mtu anazisoma au hazisomwi ni shauri lake. Baadhi ya wanafizikia walipinga maelezo ya Itano na wenzake, na mwaka uliofuata Leslie Ballentine alijibizana nao katika jarida lilelile, akisema kwamba hakuna haja ya kuzungumzia hali "kuanguka" kila mmweko unapopita. Milinganyo ya kawaida ya ioni pamoja na leza inatoa namba zilezile. Namba hazikubishaniwa. Kilichobishaniwa ni hadithi ya kuzielezea.

Na hapa, kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili, niseme jambo dogo. Nilipotafsiri hotuba yangu nilichagua "kutazama", kwa sababu ya neno la Kiingereza lililokuwa kichwani. Kutazama kunafanywa kwa macho, ukiwa mbali, na kitu kinachotazamwa hakijui. Neno zuri lilikuwepo tayari: kupima. Huwezi kupima unga bila kuutia kwenye mizani, wala kupima kitambaa bila kukinyoosha kwenye futi. Kipimo kinakigusa kile kinachopimwa. Ningalisema "kupima" siku ile, swali la mwalimu lisingekuwa na pa kusimama, ingawa yeye anasema angalipata lingine.

Limebaki swali la mama. Kwa nini maharage yanachemka?

Kwa sababu kugandisha kunategemea ule mraba, na si kila kitu kinaanza na mraba. Chukua iodini-131, inayotumika hospitalini. Nusu ya atomu zake huoza kwa siku nane. Ukipima kila siku, ukipima kila saa, ukiweka kihesabio kinachonasa kila mlio bila kupumzika, baada ya siku nane itabaki nusu. Uwezekano wa atomu moja kuoza katika saa moja ni kiasi fulani kidogo, na katika nusu saa ni nusu ya kiasi hicho, si robo. Zidisha vipimo mara mbili, hatari ya kila kimoja inakuwa nusu, na jumla haisogei. Hakuna akiba inayopotea, kwa sababu hakuna akiba iliyokuwa ikiwekwa. Maharage nayo, kwa namna yake ya kijikoni, hupokea joto kidogo kidogo, na jicho la mama haliliondoi lile lililokwisha kuingia.

Tofauti inatoka wapi, wakati chembe inayooza nayo inafuata sheria zilezile za kwanta? Kyubiti yetu ina mlango mmoja tu wa kutokea: kutoka 0 kwenda 1. Chembe inayooza ina milango isiyohesabika, kwa sababu inaweza kutoa mionzi yake kwa nishati zinazotofautiana kidogo sana, na kila mlango una mshale wake unaozunguka kwa kasi yake. Mwanzoni kabisa mishale hiyo inakwenda pamoja, na vimo vinajumlishwa kabla ya mraba, kama kyubiti. Muda mfupi baadaye inapishana hatua, na kinachobaki ni kuoza kwa kawaida, nusu baada ya nusu. Kwa kiini cha atomu, huo mwanzo wa pamoja ni mfupi mno kiasi kwamba kihesabio cha maabara hakiwezi kuingia kati. Kwa hiyo Misra na Sudarshan walikuwa sahihi katika hesabu, na chembe zinaendelea kuoza tukizipima.

Je, inawezekana kutengeneza kitu kinachooza polepole kiasi kwamba mwanzo wake unaonekana? Kundi la Mark Raizen katika Chuo Kikuu cha Teksas, Austin, walifanya hivyo kwa atomu za sodiamu zilizopozwa na kunaswa katika mawimbi ya mwanga, kama mayai katika trei. Waliivuta trei hiyo kwa kasi inayoongezeka, na atomu zikaanza kuchopoka. Mwaka 1997 walionyesha kwamba katika mikrosekunde za mwanzo atomu hazichopoki kwa utaratibu wa kawaida: kwanza karibu haziondoki, kisha zinaondoka kwa haraka, ndipo zinatulia katika mwendo wa kawaida wa kuoza. Mwaka 2001 wakaanza kukatiza. Kila baada ya muda fulani walipunguza mvuto, ili zilizochopoka zitengane na zilizobaki, na hicho ndicho kilikuwa kipimo, kisha wakaanza tena.

Walipokatiza kila mikrosekunde moja hivi, kuoza kulipungua, kama Zeno anavyotaka. Walipokatiza kila baada ya mikrosekunde tano hivi, kuoza kuliongezeka. Atomu zilizopimwa ziliisha haraka kuliko zilizoachwa zenyewe. Ukirudia kuukatiza mchezo baada ya ile sehemu ya haraka, kila mara unaanza upya na kila mara unapitia tena sehemu hiyo ya haraka, bila kufika kwenye utulivu unaofuata. Wataalamu wanaiita athari ya kinyume cha Zeno, na kwa vitu vinavyooza ndiyo rahisi zaidi kukutana nayo.

Kwa hiyo nikipewa leo kitu nisichokijua na kuulizwa kama kitaganda kikipimwa, sitaanza na falsafa. Nitakiandaa katika 0, nitakiacha kwa muda mfupi, nitapima mara moja na kuandika ni sehemu gani imehama. Kisha nitafanya vilevile kwa nusu ya muda huo. Kama sehemu iliyohama imeshuka hadi robo, kitaganda. Kama imeshuka hadi nusu, kipime utakavyo, hakitajali. Kama imeshuka hata chini ya robo, muda wangu wa kwanza ulikuwa umefika kwenye mteremko, na kupima kwa mwendo huo kunaweza kukiharakisha.

Nilimsomea mama aya hiyo. Alisema maharage angeweza kunijibu bila kipimo hata kimoja, nimletee chumvi.